Uliuliza Nini, Ukajibiwa Nini: Mazungumzo ya Malindi juu ya Majina ya Mito na Milima

Assalaam aleikum. Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, nawaamkia nyote.

Mada niliyopewa kila mmoja hapa ana kisa chake juu yake. Mzungu alifika ukingoni, akanyoosha kidole, akauliza, "Hapa panaitwaje?" Mwenyeji hakumfahamu, akajibu lake. Mzungu akatoa daftari akaandika, na hilo likawa jina mpaka leo. Barazani visa hivi haviishi. Hapa jirani tu tuna kile cha Watamu na "watu watamu", na kila msimuliaji ana wageni wake: mara Waarabu, mara Wareno. Mimi nimefundisha jiografia mji huu muda mrefu, na sikumbuki darasa lililokosa mtoto wa kuniletea kisa cha namna hiyo alichopewa na babu yake.

Sikuja kuwaambia babu zenu waongo. Jambo lenyewe lipo kweli, na ushahidi wa kwanza uko hapa nje ya mji. Lakini namna lilivyotokea si kama kisa kinavyosema, na sikio la mzungu silo lenye lawama kubwa. Basi tuanze na mto wetu.

Ukitoka hapa kwenda Mambrui unavuka daraja la Sabaki. Simama upande wa pili, umuulize mtoto anayerudi na ndoo, "Umetoka wapi?" Atakwambia, "Mtoni." Hatakwambia "Sabaki." Jina analijua, na ukimbana atalitaja, lakini halimjii mdomoni kwa sababu halimfai kitu. Mto ni huo mmoja. Wenzetu wa Lamu nao ni hivyo hivyo: mkondo ule unaopita baina ya kisiwa cha Manda na bara wanauita Mkanda, basi. Ukiwauliza mkanda gani watakushangaa.

Sasa upandisheni huo mto, kwa fikira tu, maana kwa miguu ni safari ya jua kali. Kutoka Malindi hadi ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki mnakwenda na maji yale yale yanayochafua ufuo wetu na kuufanya rangi ya chai wakati wa mvua. Lakini mkiangalia ramani mtaona mto umebadili jina njiani. Chini ni Sabaki. Katikati ni Galana. Juu zaidi, pale Mto Tsavo unapoingia, Galana inakwisha, na ukiendelea kuelekea Ukambani unaufuata Mto Athi. Majina matatu, maji ni hayo hayo.

Hilo jina la katikati ndilo tulichungue. Nchi ile ya Galana tangu zamani ni nchi ya Wawaata, wawindaji wa pinde kubwa, na wafugaji wa Kiorma, watu wanaosema lugha za jamii ya Kioromo. Na katika kusema kwao, galana ni mto. Kwa hiyo ramani ya serikali inapoandika "Mto Galana" imeandika "Mto Mto", na watalii wanalipa pesa kulala kando ya Mto Mto.

Limeingiaje? Hapa msikimbilie kusema mzungu alikuwa kiziwi. Mchukueni msafiri aliyetoka pwani, wakati wa kiangazi, siku kadhaa amepita vichaka vikavu. Anafika kwenye maji mengi yanayokwenda. Ana mpagazi mmoja anayejua maneno machache ya wenyeji. Anamwambia, "Muulize bwana huyu, hiki kinaitwaje?" Mpagazi anauliza. Yule mwindaji anatazama: anaona mto. Anajibu, "Galana." Amejibu sawasawa kabisa. Aliulizwa kitu hiki kinaitwaje, akasema kinavyoitwa. Aliyeuliza alikuwa akitafuta jina la pekee, kama Juma au Fatuma, na aliyejibu akatoa jina la aina, kama mtu au mbuzi. Sikio limesikia vizuri na mdomo umesema vizuri, na hata hivyo kilichoandikwa si kilichotakiwa.

Kwa nini yule mwindaji hakuwa na jina la pekee la kutoa? Kwa sababu ile ile ya mtoto wa Mambrui. Katika nyika yote ile kati ya Tsavo na bahari, maji yanayotembea mwaka mzima ni hayo. Vijito vya mvua vina majina, kwa kuwa ni vingi na mtu huhitaji kusema ng'ombe wamenywa kipi. Mto mkuu hauna mwenziwe wa kuchanganywa naye. Linganisheni na miteremko ya Nyandarua kule Murang'a, ambako unateremka bonde unakuta mto, unapanda kilima, unateremka tena unakuta mwingine. Huko kila mto una jina lake: Chania, Thika, Maragua, Mathioya. Huwezi kuishi hapo ukasema "naenda mtoni" ukaeleweka. Basi hata kabla hujafungua kitabu unaweza kukisia ni wapi utakuta jina lenye maana ya "mto" tupu: penye ukame, si penye mito mingi.

Na ziwa ni vivyo hivyo. David Livingstone alifika kwenye ziwa kubwa la kusini mwaka 1859 akaandika Nyassa. Kwa Wayao nyasa ni ziwa. Malawi walipopata uhuru walilibadili jina, lakini ndugu zetu wa Tanzania bado wanasema Ziwa Nyasa, yaani Ziwa Ziwa, na hakuna aliyeumwa.

Hiyo ni njia ya kwanza, swali pana likazaa jibu pana. Njia ya pili inatuhusu sisi watu wa pwani zaidi, kwa sababu ndani yake tumo wenyewe.

Wale wasafiri hawakuzungumza na wenyeji moja kwa moja. Walizungumza na sisi. Waliondoka Mombasa, Pangani au Bagamoyo na viongozi Waswahili, na kila jina waliloandika la bara lilipita kwanza kwenye kinywa cha Mswahili. Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliondoka kwenda Uchagani mwaka 1848. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei asubuhi Rebmann akaona mlima mbele yake na juu ya kilele kitu cheupe, akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi kile cheupe ni nini. Na jibu alilopewa aliliandika kwenye shajara yake: "Beredi."

Nyinyi mnacheka kwa sababu mmelielewa. Bwana Kheri alikuwa anasema baridi. Wapi angepata neno la theluji mtu wa pwani? Alitoa alichokuwa nacho: kule juu kuna baridi. Rebmann alikuwa amekaa nasi karibu miaka miwili na lugha anaijua, akafahamu kwamba ameelezwa hali ya kitu, hakutajiwa jina lake, na yeye mtu wa Ulaya akatambua kwamba ile ni theluji. Lakini mweke pale msafiri mwingine aliyeshuka jahazini wiki iliyotangulia, na leo tungekuwa na Mlima Beredi, na babu zetu wangetusimulia jinsi mzungu alivyosikia vibaya. Jambo lilikuwa kwenye uzi mwembamba kiasi hicho.

Jina la mlima wenyewe je? Wachaga waliokaa chini yake walikuwa na majina ya vilele: Kibo kile cheupe, na Mawenzi kile cheusi chenye meno. Jina moja la mlima mzima hawakuwa nalo, na wala hawakulihitaji, kwa sababu wao hawakuuona mzima. Waliishi juu ya mbavu zake. Aliyeuona mzima ni aliye mbali, mtu wa msafara anayetembea siku nyingi nao uko upande mmoja wa macho. Kilimanjaro lilikuwa jina la watu wa misafara, na Ludwig Krapf, mwenziwe Rebmann, aliandika wazi kwamba ndivyo Waswahili wa pwani wanavyouita. Juu ya maana yake mwenyewe alitoa mbili: mlima wa ukuu, na mlima wa misafara. Baadaye wakaja wengine na njaro ya weupe, na wengine wakaenda kwenye Kichaga wakatafuta neno lenye maana ya kinachoshinda msafara. Mimi hunishangaza jambo moja dogo: mlima mkubwa kuliko yote Afrika, nasi tukauita kilima. Watu wanaojua kusema mlima! Hiyo peke yake inanifanya nishuku kwamba sehemu ya kwanza ya jina tuliisikia kwa wenzetu tukaigeuza ifanane na neno letu. Lakini shaka si ushahidi, basi nauacha mlima huo hapo.

Nataka kuuchukua mlima mwingine, ule uliotoa jina la nchi, kwa sababu huo unaweza kufuatwa hatua kwa hatua, na kwa sababu karibu kila anayeusimulia anausimulia visivyo.

Kisa cha barazani kinasema hivi: Wakikuyu wanauita Kĩrĩnyaga, mzungu akashindwa kutamka, akasema Kenya. Ulimi mzito wa Ulaya umeharibu jina zuri. Mmesikia hivyo nyote? Nimesikia hata kwa mwalimu mwenzangu.

Tuangalie alikuwa wapi na alikuwa na nani. Krapf hakuwa Ukikuyuni. Alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba aliyekuwa akipeleka misafara ya pembe Mombasa. Ilikuwa Desemba 1849. Kivoi ndiye aliyemhadithia juu ya mlima ule. Siku nyingi mawingu yalikuwa yameufunika, na tarehe 3 Desemba yakafunguka, Krapf akauona kwa mbali sana, kilomita kama 150, na juu yake kama pembe mbili au nguzo mbili zikiwa na kitu cheupe. Huko London kulikuwa na mtaalamu wa ramani, William Desborough Cooley, ambaye hajawahi kukanyaga huku, akakataa kabisa kwamba karibu na ikweta kuna theluji. Hayo yalikuwa yao. Sisi tuone alichoandika Krapf kuhusu jina. Mahali pengine ameandika Kenia. Mahali pengine Kegnia, na mara moja ameandika maneno matatu pamoja: Kima ja Kegnia.

Hayo maneno matatu ni dhahabu. Kima ni neno la Kikamba, kĩĩma, yaani kilima au mlima. Na "ja" ni kile kiunganishi cha Kikamba kya, kama "cha" yetu. Kwa hiyo tunajua Krapf hakuandika Kikikuyu kilichoharibika. Aliandika Kikamba, kutoka kinywa cha Mkamba.

Sasa tuulize, Mkamba aliutaja vipi mlima huo? Nipeni ubao. Kikamba na Kikikuyu ni lugha za nyumba moja, kama Kiamu na Kimvita, lakini kuna sauti ambazo Kikikuyu kinazitamka na Kikamba kimeziangusha. Shamba kwa Mkikuyu ni mũgũnda, kwa Mkamba ni mũũnda: ile g imekwenda. Kupika kwa Mkikuyu ni kũruga, kwa Mkamba ni kũua: r imekwenda na g imekwenda. Sisi tunasema kilima, Mkikuyu anasema kĩrĩma, Mkamba anasema kĩĩma. Haya ni maneno ya kila siku, wala hakuna mzungu aliyeyagusa.

Basi chukueni Kĩrĩnyaga. Iondoeni r kama ilivyoondoka kwenye kĩrĩma. Iondoeni g kama ilivyoondoka kwenye mũgũnda. Mnabaki na nini? Ndiyo, hapo nyuma umesema vizuri: Kĩĩnyaa. Na hivyo ndivyo Wakamba wanavyouita mlima huo mpaka leo.

Bado kitu kimoja. Mnaona hiyo i yenye alama juu. Haitamkwi kama i yetu. Imekaa kati ya i na e, na kwa sikio la mtu wa nje iko karibu zaidi na e. Na Krapf alipoandika "gn" alikuwa anatafuta sauti yetu ya "ny", ambayo lugha nyingine za Ulaya huiandika kwa herufi hizo. Kwa hiyo Kegnia isomeni polepole: ke-nya. Mtu huyu alisikia sawasawa. Kama mngempa mtihani wa imla ningemtia alama ya juu. Jina la Kenya halikuharibiwa na sikio la Mjerumani. Ni Kikamba safi, na tofauti yake na Kĩrĩnyaga ilikuwako kabla babu yake Krapf hajazaliwa.

Maana yake nayo ina mabishano. Wengi husema ni mahali pa mbuni, kwa kuwa mlima una weusi na weupe kama manyoya ya mbuni dume, na neno la mbuni limo ndani ya jina. Wengine husema ni mng'ao. Krapf alielewa weupe. Hapo mnaweza kubishana mpaka alfajiri.

Lakini basi, kama hakusikia vibaya, kosa liko wapi? Liko katika kumuuliza mtu mmoja, mahali pamoja, na kuliandika jibu lake kana kwamba ni jibu la wote. Mlima ule una watu pande zote. Wameru wanauita Kirimara. Wamasai wana la kwao, Ol Doinyo Keri. Wakikuyu wana Kĩrĩnyaga. Kila mmoja alikuwa sahihi mlangoni kwake. Angeingia Krapf kwa mlango wa Meru, leo pasipoti zetu zingekuwa na neno jingine. Alipita Kitui kwa sababu njia ya pembe za ndovu ilipita Kitui. Biashara ya Kivoi ndiyo iliyochagua jina, na mwaka 1920 Waingereza walipotaka jina la koloni walilichukua pale lilipokuwa tayari, kwenye ramani.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Kusikia vibaya kupo kila siku. Wareno walipofika hapa mwaka 1498 walisikia Malindi wakaandika Melinde. Kilwa wakaandika Quiloa. Miaka mingi ramani za Ulaya zilikuwa na Melinde. Iko wapi leo? Haipo, kwa sababu sisi tulikuwapo, mji mzima, tukiuita Malindi kila siku kwa jina moja, bandarini na msikitini na sokoni. Mgeni aliyefuata alisikia upya. Jina la mgeni halikupata pa kukaa.

Lakini mto mrefu unaopita kwa Wakamba na Wawaata na Wagiriama, au mlima wenye makabila manne pembeni, hauna jina moja ambalo wote wanalisema. Pana nafasi iliyo wazi. Mgeni mwenye ramani anataka jina moja kwa kitu kizima, na kitu kizima hakijawahi kuwa na mwenye nacho. Anachokiandika kinakaa, kiwe sahihi au kisiwe, kwa kuwa hakuna kilichokikalia kiti. Ndiyo maana visa hivi ni vya mito na milima na maziwa zaidi kuliko vya miji. Kisha kinachapwa, kinaingia shule, na mjukuu wa yule mwindaji anafundishwa darasani kwamba mto wa kwao unaitwa Galana kama kwamba ni jina.

Nimesema babu zenu si waongo, lakini kuna aina moja ya kisa ambayo nawaomba muikamate shati kila mkikutana nayo. Ni ile inayosema jina maana yake "sijui" au "sikuelewi". Hiyo imezunguka dunia nzima, na iliyo maarufu kuliko zote si ya mto wala mlima, ni ya mnyama, kangaruu. Nahodha James Cook alitia nanga kaskazini mashariki mwa Australia mwaka 1770, wakauliza wenyeji jina la yule mnyama anayeruka, wakaandika kangaruu. Baadaye wazungu wengine wakaenda Sydney, mbali sana kusini, wakawatajia wenyeji wa huko neno hilo, na hawakulijua. Mwaka 1820 nahodha mwingine, Phillip Parker King, alirudi mahali pale pale pa Cook, akauliza, akapewa neno jingine kabisa. Basi watu wakasema: kumbe Cook alijibiwa "sijui"! Kisa kikakaa zaidi ya miaka 100.

Miaka ya 1970 mtaalamu wa lugha, John Haviland, alikaa na wale wenyeji, watu wa Guugu Yimithirr, akajifunza lugha yao. Neno lipo. Ni gangurru, na ni jina la aina moja ya kangaruu. Cook alisikia vizuri. Na lile neno alilopewa King yaonekana lilikuwa neno la jumla la mnyama wa kuliwa, kama sisi tunavyosema nyama kwa kitoweo na kwa mnyama wa porini pia. Yaani aliyeangukia mtego wa Galana ni huyo wa pili aliyekuja kusahihisha.

Namna ya kupima iko humo humo. Kwanza ujue lugha iliyojibu ni ipi, na iwe lugha ya pale pale. Ukiwapelekea Wasydney neno la kaskazini umepoteza mwendo. Kisha ulitafute neno lenyewe katika lugha hiyo. Ukikuta ni neno la kawaida la "mto" au "ziwa", hapo pana uwezekano mkubwa wa jibu pana. Ukikuta linatofautiana na la jirani kwa sauti zile zile zinazotofautisha maneno yao mengine, kama r na g tulizofuta hapa ubaoni, basi hakuna aliyesikia vibaya, ni lugha mbili tu. Na ukiambiwa ni "sijui", mwambie msimuliaji alitamke hilo "sijui" kwa lugha ya wenyewe, neno kwa neno. Mara nyingi hapo baraza huvunjika.

Nimepata karatasi mbili za maswali. Moja ya kijana: wanafunzi wanaotaka kukusanya majina ya vijito vya Magarini kabla wazee hawajatutoka, waulize vipi? Mwanangu, usiulize "hiki kinaitwaje". Mzee atakwambia "mto", au atakupa jina lolote kwa heshima ya mgeni, maana kwetu ni vibaya kumrudisha aliyeuliza mikono mitupu. Na usimtajie jina ukamuuliza kama ndilo, kwa sababu atakuitikia "ndiyo, ndiyo" hata kama umetaja mto wa Uganda. Mwambie akueleze njia: "Babu, nikitaka kutoka hapa mpaka kwa shemeji yako, nitapita wapi na wapi?" Mwache aseme. Majina yatatoka yenyewe, kwa sababu katika kuelekeza njia ndipo mtu anapoyahitaji. Yaandike kama alivyoyasema ndani ya sentensi nzima, na lugha aliyosemea. Kisha nenda ng'ambo ya kijito, umuulize mwingine njia ya kurudi.

Karatasi ya pili ni ya mzee mmoja hapa mbele. Anauliza: basi huu mto wetu ramani iuandike Sabaki wote, mpaka juu, maana sisi ndio wenye mdomo wake? Mzee wangu, nakuelewa. Lakini ukifanya hivyo utakuwa umefanya alichofanya Krapf: umechukua jina la mlango mmoja ukalitandika nyumba nzima. Wataalamu wa lugha wameshatupa heshima yetu; kundi la lugha ambamo Kiswahili kimo pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija wameliita Sabaki, kwa jina la mto huu. Ramani iacheni na majina yake matatu. Ningeongeza kitu kimoja tu pale katikati. Waulizwe Wawaata, kwa swali la njia na si kwa kidole, wanasemaje wanapoutofautisha mto huo na Tana.